Mkuu wa shule awaambie nini wahitimu wa kidato cha nne?

*Shikamoo mwalimu. Mwaka huu nimeteuliwa kuwa mkuu wa shule ya sekondari ya kata, na mahafali yangu ya kwanza ya kidato cha nne ni wiki ya pili ya Oktoba. Natakiwa kuzungumza na wahitimu kuhusu kutokata tamaa na kuchagua hatua inayofuata. Hotuba zote nilizowahi kusikia ni zile zile za elimu ni ufunguo wa maisha. Wengi wa wanafunzi wangu hawatafika kidato cha tano. Niwaambie nini cha kweli bila kuwavunja moyo?*

Marahaba, mwalimu, na hongera kwa uteuzi.

Anza kwa kuitazama kalenda. Mahafali ya kidato cha nne kwetu hufanyika kabla ya mtihani. Siku hiyo vijana watavaa vizuri, watavishwa mashada na kupigwa picha na wazazi wao, lakini mtihani wa Taifa wataufanya Novemba, matokeo yatatoka mwishoni mwa Januari, na kidato cha tano kitaanza Julai. Unazungumza na watu ambao bado hawajui watavuna nini. Hotuba nyingi huharibikia hapo: mkuu wa shule anawapongeza kana kwamba wameshafaulu, au anawatisha kana kwamba wameshafeli. Yako iwashike mkono kuanzia siku ile ya Oktoba hadi Julai, maana ndiyo miezi ambayo vijana wa shule za kata hutupotea.

Wala hawapotei kwa kukosa akili. Mtihani ukiisha, hakuna tena daftari la mahudhurio. Msichana asipoonekana hakuna mwalimu wa darasa wa kuuliza yuko wapi, na Machi unasikia ameolewa au amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Mvulana amepewa bodaboda ya mtu, analeta hesabu kila jioni. Baadhi yao wana alama za kutosha kuingia chuo na hakuna aliyewaambia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko daraja sifuri lenyewe.

Kabla hujaandika neno, tenga mambo mawili ambayo wakuu wa shule wengi huyachanganya. Kuna taarifa ya shule, ile ya idadi ya wanafunzi, upungufu wa walimu wa sayansi, matundu ya vyoo, maabara isiyokamilika. Hiyo ni ya mgeni rasmi. Ichape, mkabidhi mkononi, soma mafungu mawili tu ya maombi makubwa. Kisha kuna maneno yako kwa wahitimu. Ukiyaunganisha, dakika zako zote zitaliwa na mabati na madawati, na vijana watakaa juani wakisikiliza shida za majengo wanayoyahama. Geuka kabisa, mgeni rasmi awe ubavuni, uwatazame wao.

Sasa kuhusu kutokata tamaa. Ukiwaambia vijana "msikate tamaa" na ukaishia hapo, hujawaambia cha kufanya kesho asubuhi. Katika wiki zile chache kati ya mahafali na mtihani, kutokata tamaa kuna jina la somo na kuna alama zake. Ngoja nikuonyeshe kwa mfano wa kutunga, lakini wa kawaida sana katika shule kama yako.

Tumwite Neema. Anafanya masomo manane. Matokeo yanatoka hivi: Kiswahili C, Historia C, Biolojia C, Uraia D, Jiografia D, Kiingereza D, Kemia D, Hisabati F. Fizikia aliiacha alipoingia kidato cha tatu. Baraza la Mitihani huchukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Neema ana C tatu, ambazo ni pointi 9, na D nne, ambazo ni 16. Jumla 25. Hiyo ni daraja la tatu, pointi ya mwisho kabisa, kwa sababu daraja la tatu huanzia 22 na kuishia 25. Ana C tatu ambazo si za somo la dini, basi kwa vigezo vya kawaida vya kidato cha tano amepita.

Ila tangu kidato cha pili Neema amekuwa akisema anataka CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Tahasusi nayo ina kipimo chake: masomo matatu yasizidi pointi 10 kwa jumla, na pasiwe na F hata moja ndani yake. Kemia yake ni 4, Biolojia 3, Jiografia 4. Jumla 11. Mlango umefungwa kwa pointi moja. HGL pia haimfai, Historia 3, Jiografia 4, Kiingereza 4, nayo ni 11. Katika tahasusi zilizozoeleka, zinazobaki wazi ni HGK na HKL, zenye Kiswahili ndani yake, zote zina 10.

Sasa rudi nyuma hadi Oktoba. D inaanzia alama 30 na C inaanzia 45. Kama Neema alipata Jiografia 40 kwenye mtihani wa moko, alama tano zaidi zingempa C, na CBG ingekuwa 10. Alama tano za Jiografia ni kusoma ramani vizuri, au kujibu swali moja la upimaji wa ardhi ambalo amekuwa akilikwepa. Huyu msichana hahitaji kuambiwa ajitahidi katika masomo yote. Anahitaji kuambiwa na mtu anayejua hesabu hii kwamba kwa wiki hizi zilizobaki aiweke Jiografia mbele, na Hisabati yenye alama 12 asiipe usiku wake wote.

Fanya hivi kwa kila mhitimu kabla ya mahafali. Wewe, mwalimu wa taaluma na walimu wa darasa mkae na matokeo ya moko, mchague kwa kila mwanafunzi somo moja au mawili ambayo yako karibu na mpaka, ama wa 30 ama wa 45. Mwandikieni kwenye kikaratasi. Asiyejiweza kabisa mtafutieni D nne, nitaeleza kwa nini. Kikaratasi hicho apewe kwa siri, darasani, si jukwaani. Kisha kwenye hotuba unaweza kusema, "Kila mmoja wenu ana karatasi yenye somo lake," na wote watajua unazungumza kuhusu nini, wakati wazazi hawatajua ya mtu mwingine.

Neno jingine la kweli kuhusu kutokata tamaa, nalo wengi hawapendi kulisema: kurudia mtihani si lazima kuwe ndiyo ushupavu. Mwenye daraja la nne na C mbili, akikosa moja tu, ana sababu ya kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa masomo machache anayoyaweza. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa na faini. Lakini kijana anayekaa nyumbani mwaka mzima "anarisiti" bila kituo, bila mwalimu na bila ratiba, halafu anarudia tena mwaka unaofuata, huyo anapoteza miaka yake taratibu, na ni wajibu wetu kumwambia. Arudie masomo mawili au matatu huku anasoma ufundi au anafanya kazi yenye saa zinazojulikana. Na kama anataka kurudia somo la sayansi, aulize kwanza kama kituo kina maabara, kwa sababu mtihani wa vitendo hausomwi kwenye daftari.

Tuje kwenye kuchagua. Hapa ndipo hotuba yako inaweza kuleta tofauti kubwa, kwa sababu milango haifunguki kwa wakati mmoja, na mmojawapo unaweza kufungwa kabla matokeo hayajatoka.

Mlango huo ni VETA. Kozi za muda mrefu huanza Januari, na kwa kawaida fomu zake hutoka kati ya Agosti na Oktoba. Fikiria kijana anayengoja matokeo ya Januari ndipo aamue kwenda kusoma umeme wa majumbani: atakuwa amekosa mwaka mzima. VETA haidai ufaulu wa kidato cha nne. Hata aliyeishia darasa la saba anapokelewa. Hivyo yule ambaye moyo wake uko kwenye karakana, au ambaye nyote mnajua kwamba mtihani utamshinda, anapaswa kujaza fomu sasa. Akifaulu vizuri Januari, ataamua upya akiwa na vitu viwili mkononi. Kwa kuwa mahafali yako ni Oktoba, usingoje jukwaa: tangaza mstarini wiki hii, na siku ya mahafali uwarudie wazazi. Wenye umri au majukumu yanayowazuia kwenda mbali waambie pia kuhusu vyuo vya maendeleo ya wananchi. Viko 54 vya serikali nchini, vingi vijijini, na vimezoea kupokea mabinti wenye watoto.

Mlango wa pili ni vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET. Hapa ndipo D nne zinapokuwa na thamani ambayo wazazi wengi hawaijui. Kiwango cha chini cha kuingia ngazi ya astashahada ya awali ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D. Chukua kijana mwenye D ya Kiswahili, ya Historia, ya Uraia na ya Biolojia, na F tatu. Pointi zake ni 31, daraja la nne. Mtaani wataita hiyo "kufeli". Lakini anaweza kuomba kozi kama maendeleo ya jamii au utunzaji wa kumbukumbu, na akivumilia ngazi kwa ngazi anafika stashahada, na baada ya stashahada mlango wa chuo kikuu upo. Angekuwa na D tatu, mlango huo usingefunguka. Ndiyo maana nikasema asiyejiweza atafutiwe D nne: kati ya D ya tatu na D ya nne kuna tofauti kubwa kuliko kati ya daraja la pili na la tatu.

Kozi za afya zina masharti ya ziada, na hapo huwa pana machozi mengi. Uuguzi na utabibu vinadai ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia ndani ya masomo hayo manne. Neema wetu, ambaye nyumbani wanamwita nesi tangu mdogo, aliiacha Fizikia. Kwa hiyo, daraja la tatu lote hilo halimwingizi uuguzi, lakini mwenye daraja la nne aliyepata D tatu za sayansi na D ya Kiswahili anaweza kuomba. Famasia inadai Kemia na Biolojia, kwa hiyo Neema anaweza kuomba hiyo. Masharti haya huchapishwa kila mwaka kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET. Mwalimu wa malezi apakue wa mwaka husika na kuubandika, asitegemee kumbukumbu yake wala yangu. Na mzazi aulize ada mapema, kwa sababu vyuo binafsi vya afya ni ghali na vijana wengi huanza muhula wa kwanza wasimalize wa pili.

Mlango wa tatu ni kidato cha tano. Waambie kwamba yale waliyojaza kwenye Selform kabla ya mtihani si mwisho. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi na vyuo, kwa kawaida mwezi Machi au Aprili, kwenye selform.tamisemi.go.tz, na mwanafunzi huingia mwenyewe kwa namba yake ya mtihani. Hapo ndipo Neema aliyejaza CBG anaweza kuhamia HGK kabla mfumo haujampangia kitu asichokitaka. Wengi hawaingii kabisa, ama hawana simu, ama namba ya mtihani wameisahau, ama wamemwachia kijana wa steshenari awabadilishie kwa mawazo yake. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezeka kutoka 16 hadi 65, lakini si kila shule inafundisha zote. Kwa hiyo asichague jina linalovutia kabla hajajua linafundishwa wapi, na linampeleka kozi gani baada ya kidato cha sita.

Kuna jambo lililonifundisha mengi kuhusu siku za matokeo. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na daraja sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, na Mei 2013 matokeo yakapangwa upya, baadhi yao wakapanda. Mimi nilichokiona shuleni ni kwamba vijana hawakurudi. Aibu iliwaweka ndani. Hata wale ambao baada ya kupangwa upya walipata kitu, hawakuwa na habari, kwa sababu walikwisha kuondoka. Tangu hapo sijawahi kumaliza hotuba ya mahafali bila kutaja siku, chumba na mwalimu. Siyo "karibuni shuleni wakati wowote." Siku, chumba, mwalimu. Na maneno haya lazima yasikike: uje na matokeo yoyote.

Wazazi nao wana sehemu yao, na kwa bahati wako mbele yako. Waambie mambo mawili tu, maana wakisikia zaidi ya hayo wataondoka na vumbi. La kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha RITA. Vyuo vinakidai, na baadaye bodi ya mikopo itakidai, na jina lililomo lazima lilingane na lililosajiliwa kwenye mtihani. Kama mtoto anaitwa jina moja kwenye cheti na jingine shuleni, waje ofisini kabla ya Novemba. La pili ni fedha za Julai. Ada ya kidato cha tano katika shule za serikali imefutwa tangu mwaka 2022, lakini shule nyingi za kidato hicho ni za bweni, na fomu ya maelekezo itadai godoro, sare, vifaa na nauli ya kwenda mkoa mwingine. Majina hutoka wiki chache kabla ya kuripoti. Mzazi anayeanza kutafuta fedha siku hiyo atachelewa, na nafasi ya asiyeripoti hupewa mwingine. Mwenye mavuno ya mwezi wa sita aweke gunia pembeni. Mwenye kuku aanze kuwahesabu sasa.

Ukiyaweka yote haya pamoja, hotuba yenyewe haizidi dakika nane. Nimekuandikia kiini chake, uibadilishe kwa sauti yako:

"Wanangu, leo sitawaambia mmefaulu, kwa sababu mtihani ni mwezi ujao. Wala sitawaambia mtafeli. Kila mmoja wenu ana karatasi aliyopewa na mwalimu wake wa darasa, ina somo moja au mawili. Hayo ndiyo ninayowaomba kwa wiki hizi. Mwenye Jiografia, aamke na Jiografia. Mwenye Kemia, amtafute mwenzake mwenye Kemia, na maabara itakuwa wazi kila siku saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Sitaki mniahidi mengi. Nataka somo lililo kwenye karatasi.

"Mkimaliza mtihani mtakwenda nyumbani, na kengele ya shule hamtaisikia tena. Msikubali kuamuliwa jambo kubwa kabla ya Januari. Ukiambiwa uende mjini, ukiambiwa kuna mchumba, ukiambiwa ukaendeshe pikipiki ya mtu, sema: mkuu wa shule amesema nimrudie na matokeo kwanza. Nisingizieni mimi. Wazazi mko hapa, mnanisikia.

"Matokeo yakitoka, Jumatatu inayofuata, na wiki nzima hiyo, mwalimu wa malezi atakuwa darasa la kidato cha kwanza A kuanzia saa tatu asubuhi. Atakuwa na mwongozo wa vyuo, atakuwa na namba zenu za mtihani zote. Njoo na matokeo yoyote. Mwenye daraja la kwanza aje, kwa sababu kuchagua tahasusi si mchezo. Mwenye daraja la nne aje, tuhesabu D zake. Mwenye sifuri aje, tena aje mapema, kwa sababu kozi fupi za ufundi zipo na usajili wa kurudia unafungwa. Mimi mwenyewe nitakuwepo. Hakuna atakayeulizwa mbele ya mwenzake.

"Na hatua mtakayochagua, iulizeni maswali matatu. Inadai nini nilichonacho tayari? Inagharimu kiasi gani hadi mwisho, si muhula wa kwanza? Ikinishinda katikati, ninatoka na nini mkononi? Anayesoma umeme ngazi ya kwanza akaishia hapo, ana cheti cha ngazi ya kwanza. Anayesoma kidato cha tano akaishia hapo, anabaki na cheti chake cha kidato cha nne. Sisemi msiende kidato cha tano. Nasema muende mkijua."

Hapo katikati, mwalimu, weka mtu mmoja badala ya maneno yako. Shule nyingi humleta mhitimu wa zamani aliyekuwa daktari au afisa wa halmashauri, na vijana humsikiliza kwa heshima kama mtu wa dunia nyingine. Mtafute aliyemaliza miaka minne au mitano tu iliyopita, aliyepata daraja la nne, na sasa anafunga umeme au anauza dawa za mifugo pale sokoni. Mpe dakika tatu. Mwombe aseme Februari ya mwaka ule alifanya nini, alikwenda ofisi gani, nani alimlipia, na kitu gani kilimshinda. Asitoe nasaha. Hadithi ya Februari yake inatosha.

Yako mengine ya siku yenyewe ambayo hayapo kwenye karatasi lakini yataamua kama utasikika. Mgeni rasmi anaweza kuchelewa, ratiba ikabanwa, na wa kwanza kukatwa ni mkuu wa shule. Kaa na mshereheshaji siku moja kabla, umwambie kwamba maneno yako kwa wahitimu yanasemwa mara baada ya risala yao, hata mgeni akiwa bado njiani. Zungumza Kiswahili. Risala isomwe kwa Kiingereza kama ndiyo desturi ya shule, lakini mama aliyefunga kibanda chake kuja kusikiliza asiondoke bila kujua fomu ya VETA inafungwa lini. Usitaje asilimia za ufaulu za mwaka jana wala nafasi ya shule kiwilaya, hizo zimo kwenye taarifa. Usimtaje mwanafunzi yeyote kwa jina kama mfano wa uzembe, hata kwa mzaha, kwa sababu huyo ndiye hutamwona Januari.

Kipo kikomo ambacho hotuba haiwezi kukivuka. Kijana ambaye nyumbani hakuna chakula hatachagua chuo kwa sababu ulizungumza vizuri. Huyo anahitaji mwalimu wa malezi azungumze na mlezi wake kabla ya Novemba, na jina lake lipelekwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, si baada ya kupotea. Kwenye orodha yako watakuwepo kadhaa. Unawajua tayari, au walimu wako wanawajua.

Mwisho kabisa, fungua daftari moja. Andika jina la kila mhitimu, namba ya mtihani, simu ya mzazi na simu ya jirani, maana ya mzazi huzimwa. Acha safu mbili wazi: moja ya Januari, moja ya Julai. Anayekuja ofisini Januari umwekee alama. Wasiokuja ndio wa kupigiwa simu wiki ya pili ya Februari, mmoja mmoja, na kazi hiyo igawanywe kwa walimu wote wa darasa isimwelemee mwalimu wa malezi peke yake. Julai jaza safu ya pili: kidato cha tano wapi, chuo gani, ufundi gani, nyumbani. Mwaka wa pili utakapopanda jukwaani utakuwa na hesabu ya shule yako mwenyewe ya walikokwenda, na wahitimu watakaokaa mbele yako watawatambua wengi wa waliomo kwa majina.